Simu ikilia, intaneti inakata: maswali ya wasomaji kuhusu laini za shaba

Fundi, kila simu ya mezani ikilia, intaneti inakata dakika mbili tatu kisha inarudi yenyewe. Nikipiga simu mimi, haikati. Je, ninunue modemu nyingine? (Buruburu)

Usinunue kwanza. Umesema jambo moja linalonisaidia sana: ukipiga wewe, haikati. Kwa hiyo mazungumzo hayana shida na intaneti yako, na kinachoiangusha ni ule mlio wenyewe.

Laini ikiwa imetulia huwa na umeme wa moja kwa moja wa volti 48 hivi. Mtu akikupigia, eksichenji, yaani mtambo wa kampuni ya simu, huongeza juu yake umeme wa kwenda na kurudi wa volti 70 hadi 90, unaobadilika mara 20 hadi 25 kwa sekunde. Huo ndio unaoliza kengele. Sauti ya mtu hupita chini ya kHz 4, na intaneti huanzia karibu kHz 26 kwenda juu, kwa hiyo vitu hivi vitatu vinaweza kuishi kwenye jozi moja ya waya bila kugombana. Ugomvi huanza umeme wa kengele unapokutana na kitu kibovu: ama kifaa kisicho na filta, kile kidude kinachozuia masafa ya intaneti yasifike kwenye simu, ama kiungo cha waya kilicholegea au kuliwa na kutu. Hapo hutoa kelele inayopanda hadi eneo la intaneti, na modemu huachia laini. Kuishika tena lazima ipime upya kila mkondo wa masafa kisha iingie kwenye akaunti yako, na ndiyo maana unangoja.

Swali la kwanza basi ni kama kitu hicho kimo ndani ya nyumba au kiko nje, na jibu lake halihitaji kifaa chochote cha fundi. Chomoa kila simu, faksi na kila kitu kingine kilichounganishwa na laini. Chukua modemu hadi soketi ya kwanza, ile ambayo waya wa nje unaingilia, na uichomeke hapo peke yake. Ngoja taa ya DSL itulie. Sasa piga namba yako ya mezani kwa simu ya mkononi na uache iite kwa nusu dakika. Hutasikia kitu kwa sababu hakuna simu iliyochomekwa, lakini umeme wa kengele bado unafika kwenye waya wako. Tazama taa ya DSL, si ile ya Internet. Ya Internet inaweza kuzimika kwa sababu za akaunti, lakini ya DSL ikianza kupepesa, laini imeachiwa.

Rudia mara tano au sita, kwa kuwa kiungo kibovu hakikosei kila mara. Ikikata, kosa liko kwenye waya wa nje, kwenye soketi hiyo ya kwanza, au kwenye waya za kwenda vyumba vingine kama bado zimefungwa hapo. Isipokata hata mara moja, kosa limo ndani na unaweza kulipata mwenyewe. Kwa vile kwako hukata kwenye mlio tu, ninashuku simu fulani iliyosahaulika chumbani bila filta. Hata kama hakuna anayeinyanyua, sakiti yake ya kengele imeunganishwa na laini saa zote, na huamka mlio unapokuja.

Nimeweka filta kwenye kila simu nyumbani lakini bado inakata. Nimebakisha nini? (South B)

Kwenye kila simu, dada, lakini je, kwenye kila kitu kinachotumia laini? Fuata waya kwa mkono na macho. Faksi, mashine ya kupokea ujumbe, na hasa kisanduku cha king'ora cha wezi kinachopiga simu kwa kampuni ya ulinzi: vyote huunganishwa kwenye laini na vyote vinahitaji filta. King'ora ndicho husahaulika zaidi, kwa sababu aliyekifunga alipitisha waya darini na hauonekani mtu akitazama kutoka sebuleni.

Chukua mfano wa nyumba kama za Lang'ata: simu sebuleni, simu jikoni, king'ora chini ya ngazi, modemu ofisini. Modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza haikati, kwa hiyo nje kuko sawa. Unarudisha simu ya sebuleni pamoja na filta yake, unapiga, haikati. Unarudisha ya jikoni, unapiga, inakata. Wengi husimama hapo na kutupa simu ya jikoni. Usifanye hivyo bado. Badilishana filta: ile ya sebuleni ipeleke jikoni, ya jikoni ilete sebuleni, kisha upime kila simu peke yake, nyingine ikiwa imechomolewa pamoja na filta yake. Ikianza kukata simu ya sebuleni ikiwa na filta ya jikoni, filta ndiyo iliyokufa. Kosa likibaki jikoni, ni simu au waya unaoenda huko. Chomoa simu ya jikoni, acha filta tupu, piga tena: ikikata hata bila simu, ni waya au soketi. Mwisho unarudisha king'ora, na kama hakina filta, mara nyingi utaona kosa la pili hapo hapo. Makosa mawili kwa pamoja hayashangazi, na ndiyo sababu ya kurudisha kitu kimoja kimoja.

Angalia pia kwamba filta imechomekwa upande sahihi. Tundu la LINE huenda ukutani na la PHONE kwenye simu. Modemu ikiingizwa kwenye PHONE, kwa kawaida haishiki laini kabisa, kwa sababu filta huzuia masafa yale yale inayoyahitaji.

Kabla ya kugusa waya wowote, acha simu ya mkononi kando na uchomoe laini kwenye soketi ya kwanza. Umeme wa kengele unauma, na anayekupigia hajui kama umeshika waya.

Nyumba yetu ni ya zamani, ina soketi sita na waya zimepita ukutani na darini. Ninunue filta sita au splita moja? (Parklands)

Splita moja, yaani filta ya nyumba nzima, na usisite. Filta ndogo hufanya kazi vizuri zikiwa mbili au tatu. Zikizidi, kila moja huongeza mzigo wake kwenye laini, sauti huanza kufifia na modemu hupoteza nguvu. Tena filta kwenye soketi haisafishi waya wenyewe. Waya mrefu unaoishia kwenye chumba kisichotumika bado unabeba ishara ya intaneti hadi mwisho wake, kisha ishara inarudi imechelewa na kuvuruga ile halisi.

Splita hufungwa pale waya wa nje unapoingia, kabla ya ekstensheni yoyote. Upande wa LINE unapokea waya wa nje. Upande wa PHONE unalisha soketi zote sita pamoja na king'ora, na hakuna filta nyingine inayohitajika baada ya hapo. Upande wa MODEM au DSL unapata waya wake peke yake, mpya, jozi iliyosokotwa, moja kwa moja hadi kwenye modemu. Jozi moja ya kebo ya mtandao ya Cat5e inatosha kabisa. Epuka ule waya bapa wa simu kwa umbali mrefu. Haujasokotwa na hunasa kelele za kila kitu kilicho karibu nao.

Katika nyumba za umri huo kuna jambo jingine la kutazama. Kama soketi zenu ni za aina ya Kiingereza, zile pana zenye kijino cha kufungia ubavuni, fungua kifuniko utazame vituo vya waya. Laini iko kwenye 2 na 5. Mara nyingi kuna waya wa tatu kwenye 3, unaotoka soketi hadi soketi kuliza kengele za simu za zamani. Waya huo hauna mwenzake wa kusawazishana naye, kwa hiyo hunasa kelele kama antena na kuiingiza kwenye jozi. Ukibaki kwenye filta ndogo, utoe kwenye kituo cha 3 katika kila soketi. Filta nyingi za aina hiyo zina kapasita ndani inayoliza kengele bila waya huo. Ukifunga splita, waya huo hubaki upande wa simu na haugusi modemu tena, basi uache.

Niliuziwa splita yenye tundu moja upande huu na mawili upande ule. Haina maandishi. Ni sawa tu? (Ngara)

Hapana. Hicho ni kigawanyaji cha kawaida. Ndani kuna shaba tupu inayounganisha matundu. Splita ya DSL huandikwa LINE, PHONE na MODEM au DSL, kwa sababu matundu yake hayafanani. Kama matundu mawili yanabadilishana kazi bila tofauti yoyote, hakuna filta ndani. Unaweza kuendelea kukitumia, mradi uweke filta ya kweli kati yake na simu.

Nimechomoa kila kitu, modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza, na bado inakata simu ikiita, hasa mvua ikinyesha. Ajabu ni kwamba nikichomeka simu yenye filta na kuipokea, intaneti inatulia. Kampuni imepima ikasema laini ni nzima. (Kahawa West)

Si ajabu, mzee wangu, na ni ushahidi mzuri uliokusanya. Simu ikiwa chini, karibu hakuna umeme unaotembea kwenye jozi. Ukiinyanyua, umeme mdogo unaanza kupita na kuvunja ule utando wa kutu kwenye kiungo, nacho kinashikana vizuri kwa muda. Umeme wa kengele wenyewe hukitikisa kwenda na kurudi mara ishirini na zaidi kwa sekunde, na maji ya mvua yanamalizia. Kiungo kama hicho huwa kwenye kisanduku cha nguzoni, kwenye kabati la barabarani, au pale waya wa angani unapoingia nyumbani kwako. Hapo pa mwisho patazame mwenyewe kwa macho tu, bila kupanda nguzo.

Kipimo kinachofanywa kutoka eksichenji wakati laini imetulia na jua linawaka kinaweza kupita bila kuona kitu. Kwa hiyo wape lalamiko lenye namba. Fungua ukurasa wa modemu, mara nyingi ni 192.168.1.1, utafute SNR Margin, kipimo cha akiba ya ishara juu ya kelele. Iandike laini ikiwa imetulia, kisha tena mtu anapokupigia. Ikishuka kutoka dB 11 hadi 3, kwa mfano, umewaonyesha kosa. Chini ya 6 hivi modemu nyingi huanza kuyumba. Waeleze kwamba ulipima modemu ikiwa peke yake kwenye soketi ya kwanza, na kwamba kupokea simu huituliza laini. Kisha uombe fundi atakayekagua viungo huku laini ikiitwa, mvua za Aprili au Novemba zikiwa bado zinanyesha.

Wakati unangoja, omba simu zako zielekezwe kwenye namba ya mkononi tangu eksichenji. Simu isipofika kwenye waya wako, umeme wa kengele nao haufiki, na intaneti itadumu hata kabla kiungo hakijatengenezwa.