Insulini yuniti 6 iliyosomwa 60: ripoti iandikweje?

Swali: Mimi ni msimamizi wa wodi. Mgonjwa wa kisukari aliandikiwa insulini ya muda mfupi yuniti 6 chini ya ngozi, akachomwa 60. Sukari ilishuka hadi 2.1, tukampa dekstrosi, akazinduka, ila ilibidi alale siku moja zaidi. Kwenye ripoti niliandika: "Muuguzi hakuwa makini, amepewa onyo, mgonjwa anaendelea vizuri." Kamati imeirudisha. Wanataka nini zaidi?

Jibu: Ndugu msimamizi, wanataka kujua 6 iligeukaje 60. Ripoti yako haina saa, haina dozi, wala haisemi kosa liligunduliwaje. Asiyekuwepo wodini siku ile hawezi kujua azuie nini.

Anza na kilichotokea, na uandike yale tu ambayo mtu aliyaona, aliyasikia au aliyafanya. Saa ziwe za mfumo wa 24, kwa sababu "saa mbili" kwenye karatasi mwingine ataisoma 08:00, mwingine 20:00, mwingine hata 02:00. Watu watajwe kwa kazi zao, si kwa majina. Kwa kisa chako ningeandika hivi. Saa, na mambo ambayo hukuyataja, ni ya mfano, wewe weka yale ya kwenye faili:

"18:10, daktari wa zamu aliandika insulini kwenye chati ya dawa. Dozi iliandikwa '6U', herufi ikiwa imegusana na tarakimu. 18:40, muuguzi wa zamu alivuta yuniti 60 kwa bomba la insulini la yuniti 100 na kumchoma mgonjwa chini ya ngozi. Nafasi ya mhakiki wa pili ina saini. 20:15, mgonjwa alikutwa ametota jasho, hajibu akiitwa. Sukari ya damu milimoli 2.1 kwa lita. 20:18, daktari aliitwa. 20:20, alipewa dekstrosi ya asilimia 50, mililita 50, kwa mshipa. 20:35, sukari 5.8, mgonjwa anajibu. 20:50, muuguzi wa pili alipolinganisha chati na maelezo ya aliyechoma aligundua kuwa dozi iliyotolewa ilikuwa 60. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 10 ilianzishwa, sukari ikapimwa kila saa hadi asubuhi."

Hapo hakuna "kwa uzembe" wala "kwa haraka", na bado msomaji anaona kila kitu. Nakala ya chati yenyewe iambatishwe, kwa maana maelezo ya mdomo hayawezi kuonyesha ule mwandiko. Kwenye faili la mgonjwa yaandikwe yaleyale ya kitabibu: dozi iliyotolewa, hali yake, matibabu, na kwamba yeye au ndugu zake wameelezwa. Mjadala wa sababu ubaki kwenye ripoti.

Kuhusu madhara, "anaendelea vizuri" ni hali ya leo. Kamati inauliza kosa lilimfanya nini mgonjwa, na hapo hospitali nyingi hutumia ngazi za herufi A hadi I. D ni kosa lililomfikia mgonjwa, akahitaji kuangaliwa tu ili kuhakikisha hakuumia. E ni madhara ya muda yaliyohitaji matibabu. F ni madhara ya muda yaliyomfanya alazwe au aongezewe siku. Mgonjwa wako aliongezewa siku, hivyo ni F. Wengine wangekimbilia H kwa kuwa alikuwa hajibu, lakini H ni pale inapohitajika kusaidia moyo au upumuaji ili mtu abaki hai, na dekstrosi haihesabiwi humo. Kama fomu yenu inatumia maneno badala ya herufi, fuata maana zilizomo kwenye fomu hiyo.

Madhara yana upande mwingine unaosahaulika. Insulini ya muda mfupi ikichomwa chini ya ngozi hufikia kilele baada ya saa 2 hadi 4, na dozi kubwa huendelea kufanya kazi muda mrefu kuliko kawaida. Kwa hiyo ile 5.8 ya 20:35 haikuwa mwisho wa hatari. Onyesha vipimo vyote vya usiku ule, pamoja na potasiamu, ambayo insulini nyingi huishusha. Kama potasiamu haikupimwa, andika hivyo hivyo.

Sasa sababu zilizochangia, ambako ndiko ripoti yako ilikwama. Swali la kumuuliza muuguzi, kwa utulivu na faragha, ni hili: ni nini kilichofanya 60 ionekane sawa machoni pako saa ile? Kisha jiulize kama muuguzi mwingine wa kiwango chake, akipewa chati ileile katika zamu ileile, angeweza kusoma vilevile. Mkitazama ile "6U" na kukubali kwamba angeweza, basi umakini wa mtu mmoja haukuwa chanzo.

Kwangu mimi kuna mambo mawili ya kuchimba. La kwanza ni hiyo herufi: "U" ikibana tarakimu husomeka kama sifuri, na ni kosa linalojulikana kiasi kwamba miongozo ya usalama wa dawa hukataza kabisa ufupisho huo. Bomba nalo halikusaidia, maana yuniti 60 zinaenea vizuri kwenye bomba la 100. Hakuna kilichomlazimisha asite. La pili ni saini ya mhakiki. Je, alisoma chati mwenyewe na kuliona bomba kabla ya sindano kuchomwa, au aliambiwa "nimevuta 60, nisainie"? Mimi naona hili ndilo zito zaidi, kwa sababu kinga ilikuwepo kwenye karatasi tu. Idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi na makabidhiano ya zamu yaingie pia, ila kama yaligusa tukio hili. Ukijaza kila kisanduku kwenye fomu, sababu halisi inazama.

Kwenye hatua, futa onyo. Mambo ya nidhamu yana faili lake, na wauguzi wakiliona humu, kosa lijalo hamtaliona kwenye ripoti yoyote. "Wafanyakazi wakumbushwe" nayo ni dhaifu: ikifika zamu ya mwezi ujao imesahaulika. Ningeweka mbili tu. Kwanza, chati ya insulini ichapwe upya, neno "yuniti" likiwa tayari pembeni ya kisanduku cha tarakimu, na mfamasia arudishe agizo lolote lenye "U". Pili, mhakiki wa insulini asome agizo kimyakimya, ataje dozi mwenyewe, ndipo aonyeshwe bomba. Mkitaka, daktari na mfamasia wakubaliane pia kiwango ambacho kikizidi, muuguzi hachomi mpaka apige simu.

Kila hatua iwe na mhusika, tarehe, na namna ya kujua kama imefanyika. Kwa mfano, mfamasia akague chati 20 za insulini kila wiki kwa wiki 4, ahesabu zenye "U". Kwa uhakiki, msimamizi atazame mara chache mhakiki akiufanya, kwa macho yake, zamu ya usiku ikiwemo, maana saini pekee haitamwambia kitu.