Usaili Ulipita, Miezi Ikakatika: Namna ya Kuulizia Nafasi

Wadogo zangu mnaoanza kutafuta kazi hapa Mwanza, nawaandikia juu ya ukimya unaofuata usaili. Mimi nilisailiwa mwezi Machi kwenye kiwanda kimoja cha samaki, nafasi ya mkaguzi wa ubora. Waliniambia, "Tutakujulisha." Hadi Juni, kimya.

Barua pepe yangu ya kwanza ilisema tu: "Naomba kujua hatima ya maombi yangu." Haikujibiwa, na sasa naelewa sababu. Afisa rasilimali watu angelazimika kutafuta mimi ni nani, niliomba nafasi gani, na lini. Mwenye kazi nyingi huiacha barua kama hiyo hadi ikasahaulika.

Wiki mbili baadaye niliandika upya. Safari hii nilijibu ileile barua pepe waliyoniitia usaili, ili kumbukumbu zote ziwe mbele yake:

"Yah: Nafasi ya Mkaguzi wa Ubora, usaili wa tarehe 14 Machi.
Ndugu Afisa, habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi tajwa hapo juu. Naomba kufahamu kama nafasi hiyo imeshajazwa, au mchakato bado unaendelea. Kama imeshajazwa, nitashukuru maombi yangu yakibaki kwenye kumbukumbu zenu. Asante kwa muda wako."

Chini nikaweka jina kamili na namba ya simu. Swali ni moja, na linajibika kwa mstari mmoja. Sikulalamika kwamba nimesubiri sana, wala sikutaja shida za nyumbani; maneno hayo humfanya msomaji ajione anadaiwa, naye huahirisha kujibu.

Sentensi ya kumbukumbu msiiache. Aliyechaguliwa anaweza kuondoka akiwa bado kwenye kipindi cha matazamio, na ofisi ikatafuta mtu wa pili kwenye orodha kabla ya kutangaza upya.

Nilijibiwa siku ya pili. Nafasi haikuwa imejazwa: ilisimamishwa. Sangara walikuwa wanaingia wachache, kiwanda kikawa kinafanya kazi chini ya uwezo wake, na ajira mpya zikasubiri. Kumbe miezi mitatu nilijihukumu kwamba nilishindwa usaili!

Jibu likiwa "bado tunaendelea", ulizeni kwa adabu lini mnaweza kuulizia tena, kisha msubiri hadi siku hiyo. Mkikosa jibu kabisa, pigeni simu ya ofisi mara moja, asubuhi katikati ya wiki. Msimpigie meneja kwenye simu yake binafsi, wala msiende kumsubiri getini. Nafasi za serikali ni tofauti kidogo: fungueni kwanza akaunti yenu ya Ajira Portal na msome matangazo ya kuitwa kazini ya Sekretarieti ya Ajira, maana mara nyingi jibu liko humo.

Mimi baada ya jibu lile nilimshukuru yule afisa kwa mstari mmoja, na wiki hiyohiyo nikapeleka maombi kwingine, Igogo.