Kiungo cha kufuatilia oda kisiwe namba ya oda

Aliyenifichulia kosa langu hakuwa mdukuzi. Alikuwa mteja aliyekuwa akinakili kiungo kwa mkono kutoka simu ya mkewe, akakosea tarakimu moja. "Kaka, mbona huu ni mzigo wa mtu mwingine?" akaniuliza. Mbele yake kulikuwa na jina la mtu asiyemjua, namba yake ya simu na maelekezo ya kufika nyumbani kwake.

Ukurasa nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, wiki chache nyuma, kwa duka dogo la mtandaoni. Wateja walichoka kupiga simu kuuliza mzigo uko wapi, nasi tulichoka kupokea. Kwa hiyo kila aliyeagiza alitumiwa kiungo kinachoishia na namba ya oda, tuseme `/fuatilia/1042`. Hakuna nywila wala akaunti. Wateja walipenda, na sababu ni hiyohiyo ya kutokuwa na nywila. Lakini anayeijua 1042 anaijua pia 1041 na 1043, na mwenye nia mbaya angeweza kuandika programu ya mistari mitano ikapita oda zote usiku mmoja. Zaidi ya hapo, mshindani akiagiza Jumatatu na tena Ijumaa, tofauti ya namba zake mbili inamwambia umeuza oda ngapi wiki hiyo.

Nilirekebisha jioni ileile, na nilirekebisha vibaya. Niliichukua namba ya oda nikaipitisha kwenye `md5`, ikatoka herufi na tarakimu 32 zisizosomeka. Nikalala vizuri. Siku ya pili rafiki yangu aliyezoea kazi hizi aliniuliza swali moja tu: "Hiyo umeitoa wapi?" Nilipomwambia imetoka kwenye namba ya oda, alifungua kompyuta yake, akakokotoa `md5` ya kila namba kuanzia 1 hadi 100,000, kisha akatafuta kiungo changu kwenye orodha hiyo. Kilikuwemo. Kazi yote haikufika hata dakika moja, maana kompyuta ya kawaida hukokotoa hizo laki moja kwa kufumba na kufumbua.

Ndipo nilipoelewa kwamba sura ya kiungo haisemi kitu. Kinachohesabika ni idadi ya majibu ambayo mkisiaji analazimika kuyajaribu. Duka likiwa na oda 100,000, majibu ni 100,000, hata ukiyavisha mavazi marefu namna gani. Mtego huohuo uko kwenye `uniqid()` ya PHP: inaonekana kama takataka, kumbe ni saa ya seva iliyoandikwa kwa mfumo wa namba wa msingi wa 16. Anayejua takriban dakika uliyoagiza tayari ameshapata mwanzo wake.

Tokeni, yaani yale maandishi ya siri yanayokaa kwenye kiungo badala ya namba ya oda, haifai kutokana na kitu chochote kilichomo kwenye oda. Inazalishwa kwa bahati nasibu, kutoka chanzo kilichotengenezwa kwa ajili ya usalama, kisha inahifadhiwa kwenye safu yake kando ya oda:

```php
$tokeni = bin2hex(random_bytes(16));
```

Hii nayo hutoa herufi na tarakimu 32, na ukiiweka kando ya ile ya `md5` hutaona tofauti kwa macho. Tofauti ni kwamba hapa majibu yanayowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Mtu akijaribu mara milioni moja kila sekunde kwa miaka elfu, bado hajakaribia. Kwenye Python, `secrets.token_urlsafe(16)` inafanya kazi hiyohiyo kwa herufi 22, na kiungo kifupi kinakaa vizuri kwenye ujumbe mfupi. Usitumie `rand()` au `mt_rand()`. Hizo ni za michezo.

Vikabaki viungo vya zamani, ambavyo tayari vilikuwa kwenye simu za watu. Kuvifuta kabisa kungeturudishia zile simu za kuuliza. Tuliacha anwani ile ya zamani ifunguke, lakini haikuonyesha chochote isipokuwa kisanduku cha kuandika namba ya simu. Namba ikilingana na ya oda, kiungo kipya kilitumwa kwenye simu hiyo. Isipolingana, ukurasa ulitoa maneno yaleyale: "Kama namba ni sahihi, utapokea ujumbe." Ungetoa majibu mawili tofauti, ungekuwa umemfundisha mkisiaji nani ameagiza nini. Tukaweka pia kikomo cha maombi kwa kila oda, mtu asije akamsumbua mteja kwa ujumbe mia.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikafungua zana za msanidi ndani ya kivinjari, kwenye kichupo cha Network, nikaona kile seva ilichokuwa ikituma. Ukurasa ulionyesha hali ya oda tu, lakini JSON iliyoulisha ilibeba mstari mzima wa oda kutoka kwenye hifadhidata, kwa sababu nilikuwa nimeandika `SELECT *`: simu, anwani, hadi maandishi ya ndani ambayo mhudumu aliandika kuhusu mteja msumbufu. Kuficha kwenye skrini si kuficha. Sasa seva inataja kwa jina kila kinachoruhusiwa kutoka: hali, muda wa badiliko la mwisho, idadi ya vifurushi. Safu mpya ikiongezwa kesho haitoki mpaka mtu aiandike humo kwa makusudi.

Kibaya zaidi kilikuwa kwenye ramani. Mahali alipo dereva palisomwa kutoka `/dereva/12/mahali`, yaani nilifukuza namba mlangoni nikaiacha dirishani. Yeyote angeweza kumfuata dereva huyo siku nzima. Na kwa kuwa njia yake ilichorwa pamoja na vituo vyote saba vya safari, mteja wa tano aliziona nyumba za wale wanne waliomtangulia. Siku hizi ramani inasomwa kupitia tokeni ya oda yenyewe, na inajibu tu oda ikiwa njiani. Badala ya vituo tunaandika "Dereva ana vituo 2 kabla yako." Mteja hakuhitaji kujua zaidi ya hapo.

Hata tokeni nzuri husambaa. Mteja humtumia mlinzi au jirani atakayempokelea mzigo, na ana haki hiyo, kwa hiyo ukurasa usiwe na kitu ambacho jirani hapaswi kukiona. Anwani kamili haimo. Kuna pia njia za kuvuja asizozijua mteja, na hizi vichwa vitatu vya majibu huziziba kwa sehemu kubwa:

```
Cache-Control: no-store
Referrer-Policy: no-referrer
X-Robots-Tag: noindex
```

Cha kwanza, kinachokataza nakala ya ukurasa kuhifadhiwa njiani, ndicho kinachonitisha nikikisahau. Iwapo seva ya kati inayohifadhi nakala za kurasa imepangwa kupuuza kila kinachofuata alama ya kuuliza, na tokeni yako imekaa hapo kama `/fuatilia?t=...`, basi nakala ya mteja wa kwanza hupewa kila anayefuata. Tokeni ni sahihi, msimbo wa programu hauna kosa, na bado watu wanaona oda ya mwingine.

Kwa hiyo kila nikibadilisha kitu huweka oda mbili za majaribio zenye majina ya ajabu, nafungua ya kwanza, kisha ya pili kwenye dirisha la faragha, na kulitafuta jina la kwanza ndani ya kila jibu lililotoka kwenye seva. Baada ya mzigo kupokelewa kiungo huishi siku 14, ili mwenye malalamiko apate cha kuonyesha, kisha hujibu sawasawa na tokeni ambayo haijawahi kuwepo.