Kanzu nyeupe na bakuli la urojo: meseji niliyotuma usiku ule

Urojo wa Forodhani unaliwa umesimama, na bakuli linajazwa mpaka ukingoni. Rojo la moto lenye embe mbichi na manjano, humo ndani viazi, bajia, kachori, mshikaki, juu yake chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Ukigeuka ghafla, kitu hicho kinamwagika. Mimi niligeuka ghafla.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro jioni, watoto wanaruka baharini kutoka ukutani. Nilikuwa nimetoka Dar na boti ya asubuhi kumtembelea binamu yangu, na nilikuwa namtafuta kwenye ule umati. Nyuma yangu kulikuwa na kaka mmoja anarudi kinyumenyume, mkono mmoja simu anawarekodi watoto, mkono mwingine glasi ya juisi ya miwa. Tukakutana mgongo kwa bega. Urojo wangu ukamwagikia kanzu yake nyeupe kuanzia kifuani mpaka tumboni, na juisi yake yote ikaingia kwenye kiatu changu cha kushoto. Tukasema "samahani" kwa pamoja, tukanyamaza kwa pamoja. Mama muuza urojo akatutazama wote wawili, akasema, "Haya, miksi kamili hiyo sasa." Watu wakacheka.

Yule kaka akasema, "Haina neno." Nikamwambia nitalipia dobi, anipe namba nimtumie hela. Hela akakataa, namba akanipa. "Nitakwambia kama imetoka."

Nimeulizwa mara nyingi na rafiki zangu ilikuwaje, kwa sababu mambo kama haya huishia palepale: mnapeana pole, mnaachana, usiku unajikunja kitandani kwa aibu. Ukweli ni kwamba kazi yote ilifanywa na meseji moja, na kabla ya hiyo niliandika mbili nikazifuta. Nianze na hizo nilizofuta.

Ya kwanza ilikuwa ndefu: samahani sana kaka yangu, najisikia vibaya, sijui nilikuwa nawaza nini, naomba unisamehe. Nikaisoma nikajiuliza, huyu mtu atajibu nini hapa? Atajibu "usijali". Baada ya "usijali" hakuna cha kuongeza. Pole ndefu inamlazimisha mwenzio akubembeleze, na mtu aliyeharibiwa kanzu yake ya Ijumaa hana deni la kukubembeleza wewe.

Ya pili ilikuwa na ujasiri wa kupita kiasi: "Ila umependeza ukiwa na rangi ya njano." Hii ilikuwa inamtania yeye. Mwenye bakuli ni mimi, halafu mimi ndiye nimcheke? Tena ilikuwa inamsifu kabla sijajua kama anataka kusifiwa na mimi. Alinipa namba kwa ajili ya kanzu. Namba iliyotolewa kwa ajili ya kanzu ni ya kanzu mpaka mwenyewe aseme vingine. (Na wewe unayechukua namba ya mtu kwenye ujumbe wa muamala wa simu, baada ya kumlipa mtu chipsi, ukaanza kumwandikia "mambo", acha. Hiyo namba hukupewa.)

Ya tatu, nikaituma baada ya Isha:

"Assalaam alaykum. Huyu ni mwenye urojo. Naulizia hali ya mgonjwa: jinsia kanzu, rangi nyeupe, alifikishwa kwenu jioni akiwa na majeraha ya manjano kifuani."

Angalia imefanya nini. Imeuliza jambo lililotupa sababu ya kuwasiliana, kwa hiyo hata kama hana habari na mimi anaweza kujibu kistaarabu tukaishia hapo. Imenitaja kwa kosa langu, "mwenye urojo", wala sikuhitaji kujieleza. Na kanzu nimeifanya mtu. Hapo ndipo penye siri yenyewe, na siyo siri ngeni kwetu. Bibi zetu walikuwa wanavaa maneno kwenye kanga wakapita mbele ya mlango wa mtu bila kufungua mdomo. Fumbo linasema jambo kwa kupitia kitu kingine, na aliyeambiwa ana hiari ya kulielewa au kujifanya hakulielewa. Kumchombeza mtu usiyemjua vizuri kunahitaji hiyo hiari. Ajali mliyopata wote wawili inakupa kitu cha kusemea ambacho ni nyinyi tu mnakijua: kanzu, kiatu, glasi, ngazi iliyovunjika. Wewe zungumzia hicho kitu. Yeye ndiye atakayeamua kama kinaitwa kanzu au kinaitwa jina lake.

Jibu likaja baada ya robo saa:

"Waalaykum salaam. Mgonjwa kaoshwa kwa sabuni, hali imezidi. Kageuka mwekundu. Familia inaombwa kuwa na subira."

Hapa nilicheka peke yangu, kwa sababu ni kweli kabisa. Doa la manjano ukilipiga sabuni ya kufulia linageuka jekundu kama tambuu, ukidhani umeiua nguo. Lakini nilichokiona zaidi ni kwamba alilipokea fumbo akaliendeleza. Angeweza kuandika "Bado haijatoka dada, ila haina shida." Ungeona meseji kama hiyo, na hilo neno "dada" limekaa katikati, ujue mlango umerudishwa kwa adabu. Unajibu "pole tena kaka", unalala. Wengi wanalisoma hilo "dada" wakaendelea kusukuma, halafu wanashangaa kuachwa kwenye tiki za bluu.

Nikaandika:

"Huyo haumwi, kaona haya. Kukumbatiwa na mgeni mbele za watu Ijumaa jioni si jambo dogo."

Nilikaa na hiyo meseji dakika nzima kabla ya kuituma, maana ndiyo ya kwanza iliyokuwa na uchokozi ndani yake. Bado ilikuwa inaizungumzia kanzu. Sikuweka vikatuni vya kucheka mwishoni. Ukiweka vinne vinavyotoa machozi umemwambia mwenzio "natania tu, usinichukulie", na hapo umelifumbua fumbo mwenyewe kabla yake.

Akajibu maneno matatu: "Kanzu au mwenyewe?"

Ukishapata swali kama hilo, usikimbilie kujibu kwa kirefu. Mimi nilijibu, "Nilikuwa na haraka, sikuwatofautisha." Nikamtakia usiku mwema, nikaweka simu chini. Binamu yangu alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia mpira.

Sasa niwaambie ajali ya pili, ambayo si ya kujivunia, na ilitangulia hii kwa miaka miwili. Kituo cha mwendokasi, Dar, mvua ya masika, ngazi zimelowa. Kaka mmoja tuliyekuwa tunafanya kazi jengo moja aliteleza mbele yangu, makaratasi yakatawanyika. Nilimsaidia kuokota, tukacheka kidogo, tukaendelea na safari. Namba yake nilikuwa nayo kwa kazi. Kesho yake nikamwandikia: "Ulivyoanguka jana nimecheka mpaka leo." Nilidhani ni utani mtamu. Akaisoma, hakujibu. Wiki nzima tukikutana kwenye lifti anaangalia namba za ghorofa. Baadaye ndiyo nikajua goti lilimvimba, na yale makaratasi yalikuwa ya usaili aliokuwa anauwahi mahali pengine, usaili ambao hakutaka mtu yeyote ofisini aujue.

Kosa langu halikuwa kuchelewa wala kuwahi. Lilikuwa kwamba ajali ile haikuwa yetu. Ilikuwa yake peke yake, mimi nilikuwa mtazamaji. Kumwagiana ni jambo la nguo, na kila mmoja alitoka pale na sehemu yake ya lawama. Kuanguka ni jambo la mwili, na aliyesimama hana haki ya kuanza kucheka. Siku hizi mtu akianguka yeye tu, meseji yangu ya kwanza huwa ni moja na haina utani: "Umefika salama? Goti linasemaje?" Akiona inafaa kuchekesha, atachekesha yeye. Akiandika "goti linaishitaki serikali kwa zile ngazi," hapo ameniruhusu, na mimi nitaomba kuwa shahidi. Asipochekesha, basi nimemjulia hali na imeisha.

Kuhusu muda sina mengi. Usiku uleule, mtu akishafika nyumbani na kubadilisha nguo. Ukimwandikia bado ana rojo kifuani, hana nafasi ya kucheka. Ukisubiri siku tatu, itabidi umkumbushe wewe ni nani, na utani unaohitaji maelezo umekufa.

Turudi Unguja. Asubuhi ya Jumamosi ikaja picha: kanzu imeanikwa juani kwenye kamba, doa jekundu kama ramani. Chini yake: "Mama kasema dawa yake ni jua, si sabuni." Mama yake alikuwa sahihi, manjano hayavumilii jua. Mchana ikaja picha nyingine, doa limerudi njano. Jumapili asubuhi lilikuwa kivuli tu. Katikati ya hizo picha tulianza kuongea mambo mengine: kazi, boti, kwa nini watu wa Dar tunatembea kama tunafukuzwa. Na hiyo ni muhimu, kwa sababu utani wa kanzu ulikuwa unaelekea kuchakaa. Mara ya kwanza mgonjwa anachekesha, ya pili anachekesha, ya tano unamtamani azikwe. Nilimtoa mgonjwa kwenye mazungumzo kabla hajachosha, na sikumrudisha tena.

Alimrudisha yeye, Jumapili saa tano, mara moja tu: "Mgonjwa karuhusiwa. Anaomba kukutana na aliyemjeruhi palepale Forodhani kabla boti haijaondoka. Safari hii miwa tu." Mwaliko ulikuwa na mahali, una muda, na una njia ya mimi kukataa bila mtu kuumia, kwani ningesema tu "mwambie mgonjwa nampa pole". Sikukataa.

Nilimkuta palepale Forodhani kavaa ileile kanzu. Ukijua pa kuangalia, karibu na kifungo cha tatu palikuwa na njano kidogo. Alikuwa kaketi ukutani na glasi mbili za miwa, ya kwangu kaiweka mbali naye, kati yetu panatosha kukaa mtu mzima wa tatu.

Nikamuuliza, "Hii nafasi ya nani?"

"Ya bakuli," akasema.