Maswali na majibu: Kukatisha king'ora na traka, na ile notisi mnayoisahau

Nilisimamisha malipo benki tangu Januari kwa sababu sitaki tena king'ora chao. Mbona bado wananiletea ankara? (Nyali, Mombasa)

Kwa sababu hujawaambia kwamba hutaki. Barua za namna hii napokea kila wiki, na kila wiki jibu ni lile lile: kuacha kulipa si kukatisha mkataba. Ulipofuta agizo la kudumu pale benki, benki ndiyo iliyojua. Kampuni ya ulinzi imeona tu mteja mwenye deni. Mkataba unaendelea, ankara zinatoka, na mikataba mingi inawaruhusu kukuondoa kwenye orodha ya wanaofikiwa na gari la dharura huku deni likipanda. Yaani unadaiwa huduma ambayo huipati.

Andika notisi leo hii, si mwisho wa mwezi. Siku za notisi zitahesabiwa kuanzia watakapoipokea, na miezi uliyokaa kimya haitahesabiwa. Kisha omba hesabu ya deni mwezi kwa mwezi. Ikiwa kuna mwezi walikukatia huduma, waulize kwa maandishi kwa nini wanautoza. Hapo una hoja. Penginepo huna.

Notisi kwa WhatsApp kwa yule kijana wa mauzo inatosha?

Haitoshi, isipokuwa mkataba wako uwe umesema hivyo. Kijana wa mauzo akihama kampuni, notisi yako inahama naye.

Tulitia saini mkataba wa miezi 36 kuanzia tarehe 1 Machi 2023. Tulipeleka barua ya kusitisha tarehe 12 Desemba 2025, miezi miwili na nusu kabla ya mwisho. Wanasema tumechelewa na tumeongezewa mwaka mzima. Ni haki? (Nairobi)

Mama, umeniambatishia kurasa za mkataba, na nakushukuru, maana wengi huniuliza bila hata kuusoma. Kipengele chako kinasema mkataba unajiongeza kwa miezi 12 kama kampuni haijapokea notisi ya maandishi angalau siku 90 kabla ya kumalizika. Miezi 36 kutoka 1 Machi 2023 inaisha 28 Februari 2026. Ukirudi nyuma siku 90 kutoka hapo unafika 30 Novemba 2025. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, ofisi zimefungwa, kwa hiyo barua ilitakiwa iwe mezani kwao Ijumaa tarehe 28. Yako ilifika siku 12 baada ya mwisho wa muda. Kwa maneno ya karatasi, wana haki ya kusema umechelewa.

Kosa lenu ni la kawaida sana. Watu hukumbuka tarehe ya kumalizika mkataba na kusahau kwamba mlango wa kutokea unafungwa miezi mitatu kabla. Kwenye simu yako andika tarehe ya notisi, usiandike ya kumalizika.

Lakini kusema umechelewa ni jambo moja, na kukudai mwaka mzima ni jambo jingine. Ada yako ni shilingi 4,500 kwa mwezi, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inakuwa 5,220. Mara miezi 12 ni 62,640. Hiyo ndiyo wanayoitaka hata kama utahama kesho. Sheria ya mikataba ya Kenya inafuata kanuni za kawaida za Kiingereza, na kanuni hizo hutenganisha fidia ya hasara ya kweli na adhabu ya kutisha. Anayevunjiwa mkataba pia anatakiwa apunguze hasara yake, asikae akihesabu tu. Kampuni ambayo haitatuma tena gari kwako, na itang'oa redio yake ya kutuma ishara ikaifunge kwa mteja mwingine, haiwezi kusema kwa uzito kwamba imepoteza kila senti ya miezi 12.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Siku 90 kutoka 12 Desemba zinaishia 12 Machi 2026. Waandikie kwamba unakubali notisi ilichelewa, na kwamba utalipa mpaka mwisho wa Machi, yaani mwezi mmoja zaidi ya mkataba: shilingi 5,220. Waombe, kama wanadai zaidi, wakuonyeshe hasara yao kwa takwimu. Barua iende kwa meneja wa mikataba, wala si kwa anayekupigia simu kudai pesa. Nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha kudhibiti cha kampuni moja ya ulinzi, na nilichokiona ni kwamba ofa yenye tarehe na kiasi hujibiwa, lakini malalamiko matupu huwekwa kwenye faili. Wakikataa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili kusimama pale. Usikubali kutia saini "mkataba mpya wenye punguzo" ili deni lifutwe. Huo ni miezi 36 mingine, na kipengele cha siku 90 kimo ndani.

Mkataba wangu unasema "notisi ya mwezi mmoja". Nikipeleka tarehe 10 Aprili, natoka 10 Mei?

Soma mstari unaofuata. Kama unasema mwezi wa kalenda unaoanza tarehe 1 baada ya kupokelewa, basi utalipa Aprili yote na Mei yote, na utatoka 31 Mei. Ungepeleka tarehe 31 Machi ungekuwa umeokoa mwezi mzima. Kama hausemi hivyo, hesabu tangu siku ya kupokelewa, na utata wa maneno kwa kawaida humuumiza aliyeyaandika.

Niandike nini hasa kwenye hiyo notisi?

Mistari minne inatosha. Watu huandika kurasa mbili za lawama juu ya askari waliochelewa, na mwishoni husahau kusema kwamba wanasitisha.

"Hii ni notisi ya kusitisha mkataba nambari … wa huduma ya king'ora katika nyumba … . Notisi inaanza siku mtakapoipokea. Kwa hesabu yangu, siku ya mwisho ya huduma ni tarehe … . Naomba mthibitishe tarehe hiyo kwa maandishi na mpange siku ya kuondoa vifaa vyenu."

Peleka nakala mbili kwenye anwani iliyotajwa katika mkataba, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku hiyo hiyo tuma pia kwa baruapepe. Malalamiko yako, kama yapo, yawe kwenye barua nyingine.

Mafundi wao wamekuja kuondoa vifaa na wanataka kuchukua kila kitu ukutani. Vitu si vyangu? (Kilimani)

Tafuta neno moja kwenye karatasi ya kwanza kabisa: uliuziwa au ulikodishiwa? Kwa kawaida ile redio inayotuma ishara kwenye chumba cha kudhibiti ni ya kampuni hata kama mengine yote umenunua. Waache waichukue. Vitambuzi vya mlangoni na vya mwendo, king'ora cha nje, betri na kibodi ya kuandikia namba, kama una risiti yake, ni vyako na havitoki.

Hujauliza jambo ambalo ni zito kuliko vitambuzi. Sanduku kuu lina namba mbili za siri. Moja ni yako ya kuwasha na kuzima. Nyingine ni ya fundi, nayo ndiyo inayofungua mipangilio yote. Kampuni nyingi huondoka bila kukupa ya fundi, na masanduku mengine yamefungwa hivi kwamba hata kurudisha mipangilio ya kiwandani hakuwezekani bila namba hiyo. Kampuni mpya itakapokuja itakwambia sanduku halifai, nunua jingine. Si bovu, limefungwa tu. Kabla fundi hajafunga mkoba wake, mwambie arudishe namba ya fundi kwenye ile ya kiwandani, na uone mbele ya macho yako.

Kisha jaribu. Wakishaondoka, king'ora kitaendelea kulia kama kawaida na nyumba nzima itaamini mnalindwa, kumbe hakuna anayesikia. Waambie wasaidizi wa nyumbani na watoto kwamba kitufe cha dharura sasa hakimwiti mtu yeyote mpaka mtakapounganishwa upya. Hili huwa linasahauliwa, na linaniuma kuliko suala la pesa.

Namaliza kulipa mkopo wa gari mwezi ujao. Naweza kukatisha traka waliyonifungia?

Subiri benki itoe jina lake kwenye kitabu cha umiliki, halafu usome sera yako ya bima. Kama bima ilikupa bei ukiwa na kifaa cha kufuatilia gari, na ukakiondoa bila kuwaambia, siku gari likiibwa watakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Waandikie kwanza, upate jibu, ndipo upeleke notisi kwa kampuni ya traka.

Niliuza gari mwaka jana, lakini traka bado iko kwa jina langu na nalipa. Nifanye nini? (Kisumu)

Ndugu yangu, umeona ada peke yake, lakini hapa kuna jambo la hatari. Kwenye simu yako bado unaona mahali gari la mtu mwingine lilipo usiku na mchana, na kwa traka nyingi unaweza hata kulizima injini. Mwendo wa gari lake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ondoa programu hiyo leo. Halafu uandikie kampuni: gari liliuzwa tarehe fulani, nakala ya mkataba wa mauziano hii hapa, futeni akaunti yangu na data iliyo kwa jina langu, na huduma iishe kwa notisi ya mkataba. Mnunuzi akitaka kuendelea, aandikishwe kwa jina lake na nywila yake.

Mnunuzi naye asimwachie fundi wa mtaani aing'oe traka kwa kuvuta nyaya. Mara nyingi traka imeunganishwa na rilei kwenye waya wa pampu ya mafuta au wa kuwashia. Ukiikata bila kuunganisha waya ule upya, gari haliwaki kabisa, na utatumia siku nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Nipo Johannesburg. Kampuni ya king'ora inasema mkataba wa miezi 24 hauvunjiki. Kweli?

Si kweli. Huko sheria yao ya ulinzi wa mlaji, nambari 68 ya 2008, kifungu cha 14, inakupa ruhusa ya kutoka kwenye mkataba wa muda maalumu kwa notisi ya maandishi ya siku 20 za kazi. Wanaweza kukutoza gharama ya busara ya kukatisha, lakini si miezi yote iliyobaki. Tena wanatakiwa kukukumbusha siku 40 hadi 80 za kazi kabla mkataba haujaisha, na ukinyamaza unaendelea mwezi kwa mwezi, hauongezwi mwaka. Hilo ni la mtu binafsi. Kama mkataba ni wa kampuni yako na kampuni yao, kifungu hicho hakikuhusu.