Kabla ya kutuma meseji kwa mkupuo WhatsApp, fungua masharti ya huduma

Katika kazi yangu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam kuendesha kurasa na namba zao za biashara, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama ipo programu ya kutuma meseji kwa mamia ya watu kwa wakati mmoja bila namba kufungiwa. Programu za kutuma zipo tele, na wanaoziuza huahidi kwamba zao ni salama kwa sababu hupumzika sekunde kadhaa kati ya meseji moja na nyingine, au kwa sababu hubadilisha salamu ya mwanzo ili meseji zisifanane. Kabla mtu hajalipa, humwomba tukae pamoja tufungue masharti ya huduma ya WhatsApp, maana hayo ndiyo mkataba aliouridhia siku alipojisajili, na humo hakuna popote panaposema kwamba kutuma polepole kunaruhusiwa.

Masharti hayo ni marefu, lakini mfanyabiashara halazimiki kuyasoma yote kwa uzito uleule. Yanapatikana kwenye anwani ya whatsapp.com/legal, na sehemu inayotuhusu ina kichwa cha "Acceptable Use Of Our Services". Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+F kisha utafute maneno matatu, moja baada ya jingine: `bulk`, `automated` na `unauthorized`. Neno la kwanza litakupeleka kwenye kifungu kinachokataza mawasiliano yasiyoruhusiwa, ambapo meseji za mkupuo na meseji zinazojituma zenyewe zimetajwa waziwazi. La pili na la tatu yatakuonyesha kwamba ni marufuku kufungua akaunti kwa kutumia programu, na pia kukusanya taarifa za watumiaji wengine kwa njia isiyoidhinishwa. Hapo ndipo zinapoingia zile programu zinazochota namba za wanachama wote wa magrupu.

Kuna maneno machache katika sehemu hiyo ambayo watu huyaruka, nami huyasoma kwa sauti kila mara: katazo linamhusu anayetumia huduma vibaya na pia anayemsaidia mwingine kuitumia hivyo. Kijana anayelipwa ili atume matangazo ya duka la mtu kwa kompyuta yake naye amevunja mkataba wake mwenyewe na WhatsApp. Kampuni hiyo ilikwisha kutangaza kwamba kuanzia tarehe 7 Desemba 2019 ingeweza kuwachukulia hatua za kisheria wanaotuma kwa mkupuo au kuwasaidia wengine kufanya hivyo, hata kama ushahidi umepatikana nje ya WhatsApp, kwa mfano kwenye tangazo la muuzaji anayejisifu kwamba programu yake inaweza kazi hiyo.

Baada ya masharti, inafaa kuelewa jinsi namba inavyogundulika, kwa sababu hapo ndipo ahadi za wauzaji zinapoanguka. Mwanzoni mwa mwaka 2019 WhatsApp ilichapisha maelezo ya namna inavyopambana na meseji za mkupuo, ikasema kwamba ilikuwa ikifunga akaunti zaidi ya milioni 2 kila mwezi, na kwamba zaidi ya asilimia 75 kati ya hizo zilifungwa bila kuwapo ripoti ya karibuni kutoka kwa mtumiaji yeyote. Mfano walioutoa ni wa akaunti iliyosajiliwa dakika tano tu zilizopita, kisha ikajaribu kutuma meseji 100 ndani ya sekunde 15. Walieleza pia kwamba meseji inayotoka bila kutanguliwa na ile alama ya "anaandika…" inaweza kuwa dalili ya programu. Kwa hiyo maudhui ya meseji yamefichwa kwa usimbaji, lakini mwenendo wa akaunti unaonekana: umri wake, kasi yake, idadi ya wageni inaowaandikia, na wangapi kati yao wanaizuia au kuiripoti.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi. Programu inaweza kuigiza mwendo wa binadamu na hata kuonyesha alama ya kuandika, lakini haiwezi kumzuia mtu asiyekufahamu asibonyeze kitufe cha kuripoti. Akibonyeza, WhatsApp hupokea hadi meseji tano za mwisho ulizomtumia, na hapo usimbaji haukusaidii tena, kwa sababu aliyezipokea ndiye aliyezitoa.

Nieleze kisa kimoja. Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alikuwa na wateja waliowahi kununua dukani kwake wasiozidi mia mbili, na namba zao zilikuwa kwenye daftari. Kijana aliyemuuzia programu ya kutumia kwenye kivinjari alimwongezea namba nyingine mia saba hivi, zilizochotwa kwenye magrupu ya wauza nguo za jumla. Tangazo la mzigo mpya lilianza kutumwa asubuhi kutoka kwenye namba ya duka, ile iliyochapwa kwenye mifuko ya kubebea bidhaa, kwa nafasi ya nusu dakika kati ya meseji na meseji, likiwa na picha tatu na kiungo cha ukurasa wake. Kabla ya adhuhuri alipata taarifa kwamba akaunti yake imewekewa kizuizi: angeweza kuwajibu watu aliokwisha kuzungumza nao, lakini asingeweza kuanzisha mazungumzo mapya mpaka muda ulioonyeshwa kwenye skrini uishe.

Kijana alimshauri asubiri muda uishe kisha aendelee na namba zilizobaki kwa nafasi ya dakika moja. Mimi nilimwomba asifanye hivyo, kwa sababu kizuizi cha muda ni onyo, na akaunti inayorudia kosa lilelile mara tu baada ya onyo ndiyo inayofungwa kabisa. Tulipofungua majibu aliyokuwa amepokea, sababu ilikuwa mbele ya macho. Wale wa kwenye daftari walikuwa wakiuliza bei na kama kuna rangi ya bluu. Wale wa kwenye magrupu, waliojibu ni wachache, na karibu wote waliuliza swali moja: "Namba yangu umeitoa wapi?" Anayeuliza hivyo yuko hatua moja tu kutoka kwenye kitufe cha kuripoti. Nikamweleza pia kwamba hata nje ya WhatsApp, kukusanya namba za watu bila wao kujua kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019.

Tuliiondoa programu kwenye kivinjari. Kisha tukafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp na kutoa kompyuta ya kijana, hatua ambayo wengi huisahau na kuiacha namba ya duka wazi kwenye mashine ya mtu mwingine. Namba mia saba zilifutwa zote. Wale wa kwenye daftari tuliwaweka kwenye orodha ya matangazo, ile ambayo wengi huiita brodkasti, ambayo ni njia iliyomo ndani ya WhatsApp yenyewe na hupokea hadi watu 256 kwa orodha moja. Orodha hiyo ina sharti linalowaudhi wafanyabiashara wengi, kwamba tangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Naliona ni sharti jema. Mteja asiyehifadhi namba ya duka hajakubali kupelekewa matangazo, na ni afadhali tangazo lisimfikie kuliko limfikie akaliripoti.

Ili orodha ikue kwa ridhaa, tulitengeneza kiungo kinachomfanya mteja ndiye aanze kuandika, tukakigeuza kuwa msimbo wa kuskani na kuubandika pembeni ya meza ya malipo:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20matangazo%20ya%20vitenge
```

Badala ya herufi X unaweka tarakimu tisa za namba yako zinazofuata 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mteja akiskani, meseji inakuwa tayari imeandikwa, anachofanya ni kuituma, kisha muuzaji humwomba ahifadhi namba ya duka kwa jina. Meseji ile ya kwanza ya mteja hubaki kwenye simu, ikionyesha kwamba aliomba mwenyewe. Anayeandika kwamba hataki tena hutolewa siku hiyohiyo, kwa kuwa sera ya meseji za biashara ya WhatsApp inaagiza kuheshimu ombi hilo.

Wengine hutumia matoleo yasiyo rasmi, kama GB WhatsApp, wakiamini yanawapa uhuru zaidi wa kutuma. Matumizi yake pekee yanatosha kufungiwa kwa muda, hata kama hujatuma tangazo lolote, na ukiendelea kuyatumia unaweza kufungiwa moja kwa moja. Ukijikuta umefungiwa kabisa na unaamini kuna kosa, ombi la kupitiwa upya hufanywa ndani ya programu rasmi, na utatakiwa kuthibitisha namba kwa tarakimu sita zinazoletwa kwa meseji ya kawaida. Usimpe mtu yeyote tarakimu hizo, hata anayedai ana njia ya kukufungulia.

Kuhusu kufuata watu na kutoa laiki kwa programu, hali haitofautiani sana. Instagram hairuhusu mtu kuingia au kukusanya taarifa kwa njia ya kujiendesha bila idhini ya mtandao huo, na Novemba 2018 ilitangaza kwamba itaondoa laiki, wafuasi na maoni yanayotokana na programu za namna hiyo. Mtandao wa X unakataza kabisa kulaiki kwa programu, na hukataza pia kufuata na kuacha kufuata watu kwa wingi bila mpangilio. Tabia ninazoziona zikileta ujumbe wa "Try Again Later" kwa wauzaji wa Instagram ni tatu: kuwafuata mamia ya wafuasi wa duka la mshindani kisha kuwaacha baada ya siku chache, kubandika maoni yaleyale chini ya picha nyingi, na kumpa mwenye programu nenosiri la akaunti. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwani akaunti inaonekana ikitumiwa Dar es Salaam na wakati huohuo ikitumiwa kutoka kwenye seva ya nchi nyingine.

Mfanyabiashara ambaye wateja wake walioridhia wamekuwa wengi kuliko orodha za matangazo zinavyoweza kubeba ana njia moja halali ya kutuma kwa programu, nayo ni huduma rasmi ya WhatsApp kwa biashara, inayoitwa WhatsApp Business Platform. Huduma hiyo ni ya kulipia. Meseji unayoianzisha wewe lazima iwe kiolezo kilichoidhinishwa kabla, na mteja akikuandikia unapata saa 24 za kumjibu kwa maneno yako mwenyewe. Akaunti mpya huanza kwa kiwango cha chini, wateja 250 katika saa 24, na kiwango hupanda kadiri ubora unavyobaki mzuri. Ubora huo huonyeshwa kwa kijani, njano au nyekundu, na unapimwa kwa kuangalia wapokeaji wa siku za karibuni, wakiwamo waliozuia na walioripoti. Ukiona kijani imegeuka njano, simamisha tangazo la siku hiyo na uangalie ni kiolezo kipi na ni kundi lipi la wateja lililolipokea vibaya kabla ya kutuma jingine.