Wageni wa kopasi, acheni kupanga "paa" kwa kukisia

Nimepitia mafaili ya "paa" mliyopanga wiki hii kwa mistari ya kopasi, yaani mkusanyiko wetu wa matini, nikacheka, kisha nikaudhika. Wanangu, vidahizo, yaani maneno yanayoingia kwenye kamusi kila moja peke yake, ni vinne: mnyama, sehemu ya juu ya nyumba, kwenda juu angani, na kumtoa samaki magamba. Maana hizi hazina undugu, ndiyo maana kila moja ina namba yake.

1. Anzeni na upatanisho. "Paa huyu" ni mnyama, "paa hili" ni la nyumba. Kwenye wingi mnapata "paa hawa" na "mapaa haya". Mistari ya nomino karibu yote inajipanga hapo.

2. Kwenye vitenzi, tafuteni shamirisho. Ndege inapaa, basi; haipai kitu. Anayepaa samaki lazima awe na samaki.

Mnadhani ni rahisi? Mimi nilikutana na mstari huu: "Mama alikuwa uani akipaa changu". Programu ilikuwa inaonyesha maneno machache tu kila upande, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikasoma "changu" kama kimilikishi, nikaona sentensi imekatika njiani, nikasema jina la kitu changu litakuwa limebaki huko nje. Kwa kuwa sikuona shamirisho, nikamweka mama kwenye "kwenda juu angani". Mbaya zaidi, niliuchagua mstari huo uwe mfano wa matumizi! Mhariri aliusoma kwa sauti mbele ya wote, kisha akauliza huyo mama alikuwa anaelekea wapi. Changu ni samaki, jamani. Ningefungua sentensi iliyotangulia ningeona kisu na beseni la magamba. Mtu aliyelelewa pwani angecheka bila kufungua chochote, lakini mimi ni wa bara, samaki niliowajua ni sato na sangara.

Tangu hapo sipangi mstari uliokatika. Bonyezeni, msome aya nzima.

3. Msizidishe vidahizo. Kichwa cha mtu, cha habari na cha treni vinakaa chini ya kidahizo kimoja, kwa sababu maana moja imezaa nyingine.

4. "Panda" hamtaiweza kwa shamirisho peke yake. Mbegu na miche hupandwa ardhini, ngazi na basi hupandwa kwa miguu, lakini "Juma alipanda mti" inakubali maana zote mbili. Mnyambuliko husaidia: "pandikiza" ni ya shambani. Sentensi inayofuata husaidia zaidi: akimwagilia, ni mche, akitikisa matawi, yuko juu. Aya isiposema lolote, wekeni mstari kwenye faili la "haijaamuliwa". Jana nimelikuta tupu, na "Juma alipanda mti" wametawanyika kwenye mafaili mawili, nusu kwa nusu. Nani aliwagawa?